Rafiki yangu au rafiki wangu? Jinsi hesabu inavyoamua ubishi wa lugha

"Rafiki ni mtu, na mtu huchukua 'wangu'. Tunasema mtoto wangu, mgeni wangu, mwalimu wangu. Iweje rafiki awe 'yangu', kama nyumba au ngoma?" Hoja hiyo utaisikia darasani, utaisikia chumba cha habari mhariri anaposahihisha kazi ya mwandishi mchanga, na utaisikia kwenye vipindi vya lugha redioni. Ina mantiki. Lakini anayeipinga naye hakosi ya kwake: mama ni mtu, baba ni mtu, ndugu ni mtu, na hakuna anayesema "mama wangu" wala "baba wangu". Kila mmoja ana kanuni mkononi na mifano ya kuitetea. Na kwa kuwa kanuni zote mbili zimo kweli katika lugha hii, wanaweza kubishana mpaka alfajiri bila mmoja kumshinda mwenziwe.

Ipo njia ya kuukwamua ubishi wa namna hiyo. Tunaacha kwanza kuuliza lipi linapaswa kuwa sahihi, tunauliza wanaoandika na kusema Kiswahili hutumia lipi, mara ngapi, wapi, na katika maandishi ya aina gani. Swali hilo halijibiwi kwa kukumbuka. Kumbukumbu ya mtu ni shahidi dhaifu sana katika mambo ya lugha, kwa sababu tunakumbuka kilichotukera na kusahau kilichopita bila kutugusa. Mhariri asiyeipenda "rafiki wangu" atakuapia kwamba siku hizi kila mtu anaandika hivyo. Kila anapoiona inamchoma, ilhali "rafiki yangu" nyingi mno zimepita mbele ya macho yake asizitambue. Ndiyo maana wanaisimu waliamua kuhesabu.

Wanachokihesabu huitwa korpasi. Ni mkusanyiko mkubwa wa matini halisi uliowekwa kwenye kompyuta kwa mpango maalumu, kila matini ikiwa na maelezo yake: ilitoka gazeti gani au kitabu gani, mwaka gani, na ikiwezekana aliyeandika ni nani. Maelezo hayo ndiyo yanayoitofautisha korpasi na rundo la maandishi. Rundo litakuambia neno lipo. Korpasi itakuambia lipo wapi na kwa nani.

Korpasi ya kwanza ya kompyuta iliyopata jina kubwa ilitengenezwa Chuo Kikuu cha Brown huko Marekani na Nelson Francis na Henry Kučera, ikakamilika 1964. Ilikuwa na vipande 500 vya Kiingereza kilichochapishwa mwaka 1961, kila kipande kikiwa na maneno yapatayo 2,000, jumla kama milioni moja. Walipohesabu, neno linaloongoza lilitokea karibu mara 70,000, yaani takribani maneno saba katika kila mia. Upande wa pili, karibu nusu ya maneno yote tofauti yaliyomo yalitokea mara moja tu. Lugha zote zina sura hiyo: maneno machache yanabeba sehemu kubwa ya maandishi, na maneno mengi sana yanaonekana kwa nadra. Anayetaka kuamua ubishi juu ya neno la kawaida anaweza kutosheka na maneno milioni moja. Anayebishania neno la nadra atahitaji makumi ya milioni, vinginevyo atajikuta anahukumu kwa ushahidi wa mistari miwili. Mwaka 1987, timu ya John Sinclair huko Birmingham ilitoa kamusi ya Cobuild, ambayo iliandikwa kwa kutazama korpasi yenye mamilioni ya maneno, na tangu hapo imekuwa vigumu kwa mtunga kamusi wa Kiingereza kusema "neno hili hutumika hivi" bila kuulizwa amelihesabu wapi.

Kiswahili nacho kina korpasi. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Ufini, alianza katika miaka ya 1980 kutengeneza programu ya kuchambua maneno ya Kiswahili, na kazi hiyo ikazaa korpasi inayojulikana kwa jina la chuo hicho. Toleo lake la pili, lililowekwa mwaka 2016 kwenye hifadhi ya lugha ya Ufini iitwayo Kielipankki, lina maneno yapatayo milioni 25. Humo mna habari za magazeti, mijadala ya Bunge la Tanzania na matini za vitabu. Programu ya kuchambua ilihitajika kwa sababu ya jinsi vitenzi vyetu vilivyo. Ukitafuta "pika" kama neno zima tu, utakosa "alizozipika", "hawakumpikia", "yatapikwa" na maumbo mengine mengi yasiyo na idadi. Lazima kompyuta ifundishwe kwamba yote hayo ni kitenzi kimoja, iyaandikie lebo, kisha ndipo hesabu iwe na maana.

Turudi kwa rafiki. Ubishi wake una bahati moja: maneno yanayobishaniwa hayabadiliki sana umbo, kwa hiyo hata asiye mtaalamu anaweza kuyatafuta. Kwenye ukurasa wa kutafutia wa Kielipankki, unaoitwa Korp, utafutaji wa ndani zaidi huandikwa hivi:

```
[word = "rafiki" %c] [word = "yangu|wangu" %c]
```

Maana yake: nionyeshe kila mahali ambapo neno "rafiki" linafuatwa mara moja na "yangu" au "wangu", herufi kubwa na ndogo zisibaguliwe. Na mwenye mafaili yake mwenyewe ya matini kwenye kompyuta ya mfumo wa Linux anaweza kuhesabu umoja na wingi kwa pamoja:

```
grep -ohiE '\b(ma)?rafiki [ywz]angu\b' *.txt \
  | tr A-Z a-z | sort | uniq -c | sort -rn
```

Kinachorudi ni idadi ya kila umbo: "rafiki yangu", "rafiki wangu", "rafiki zangu", "marafiki zangu", "marafiki wangu". Katika Kiswahili kilichochapishwa, "rafiki yangu" inaipita "rafiki wangu" kwa mbali. Wengi wangeufunga mjadala hapo. Lakini mtu anayeijua kazi hii bado hajaanza, kwa kuwa idadi inayotolewa na kompyuta ni idadi ya mifuatano ya herufi. Haijawa bado idadi ya watu waliochagua neno.

Hatua inayofuata ni kusoma mistari. Kompyuta hupanga kila tukio kwenye mstari wake, neno lililotafutwa likiwa katikati na maneno machache kila upande, na msomaji anashuka nayo mmoja mmoja. Ni kazi ya kuchosha, na ndipo mambo yanapofichuka. Mstari mmoja utasomeka "wanafunzi wengi hukosea kusema rafiki wangu badala ya". Huyo hakulitumia neno, alilitaja ili kulikataza, na kila kitabu cha sarufi kilichoingizwa kwenye korpasi kitaongeza hesabu ya makosa ambayo chenyewe kinayapiga vita. Mstari mwingine utakuwa "mke wa rafiki wangu". Hapo mwandishi amevutwa na "mke wa" iliyotangulia, na inawezekana kwamba mtu huyohuyo, akiandika "nilimtembelea rafiki", angemalizia "yangu" bila kufikiri. Huwezi kujua mpaka uitenge mistari ya namna hiyo na kuihesabu peke yake. Kuna pia jina la wimbo au la kipindi lililorudiwa mara kadhaa katika ukurasa mmoja wa burudani. Hilo ni chaguo moja la mtu mmoja, ila kwenye hesabu linaonekana kama chaguo nyingi.

Kisha kuna yale yasiyorudi kabisa. Utafutaji wetu umeacha nje "rafikiyo", "rafikiye" na "rafikize", kwa sababu yameandikwa kama neno moja. Nayo si mambo madogo. Kimilikishi kilichofupishwa na kushikamana na nomino kimebeba upatanisho uleule tunaobishania: "rafikiye" ina -ye, sawa na "nduguye", na wingi wake "rafikize" unalingana na "nduguze". Linganisha na "mumewe", "mkewe" na "mwanawe", zenye -we ya wanaochukua "wake". Mtu anayesema "rafiki wangu" kwa hoja kwamba rafiki ni mtu angetakiwa aseme "rafikiwe". Kwa maoni yangu ushahidi huu wa maumbo una nguvu kuliko mistari elfu ya magazeti, kwa sababu unaonyesha kwamba "yangu" ya rafiki ina mizizi katika lugha na haikuletwa na uzembe wa wasemaji wa juzi. Lakini ni korpasi inayotuwezesha kuona kama maumbo hayo bado yanaishi au yamebaki katika mashairi na vitabu vya zamani.

Ukishasafisha mistari, inabaki hesabu yenyewe, na hapa watu hujikwaa mahali pawili. Kwanza ni kulinganisha idadi ghafi. Tuseme, kwa ajili ya mfano tu, kwamba "marafiki wangu" imetokea mara 400 kwenye magazeti na mara 90 kwenye riwaya. Mtu wa haraka atasema ni neno la magazetini. Lakini kama sehemu ya magazeti ina maneno milioni 10 na riwaya zina milioni moja, basi magazeti yanalitumia mara 40 katika kila maneno milioni, na riwaya mara 90. Jibu limegeuka. Na hata hilo halijatosha, kwa kuwa riwaya huzungumzia marafiki wa wahusika kuliko ukurasa wa bei za mazao, hivyo maneno yote mawili yatakuwa mengi humo. Kipimo cha haki ni kutazama mahali ambapo mwandishi alikuwa na nafasi ya kuchagua: katika kila mara 100 alipotaka kusema marafiki ni wake, mara ngapi aliandika "wangu" na mara ngapi "zangu"? Uwiano huo ndio unaojibu swali letu. Idadi kwa kila milioni inaeleza zaidi kile matini zinachokizungumzia.

Mahali pa pili ni kushangilia tofauti ndogo. Umbo moja likitokea mara 12 na jingine mara 8, mtu mwenye upande wake atasema 12 imeshinda. Rusha sarafu mara 20: utapata 12 kwa 8, au pengo kubwa zaidi ya hilo, karibu nusu ya majaribio yako, ingawa sarafu haina upendeleo wowote. Ikiwa ni 15 kwa 5, hapo sarafu ingekupa pengo hilo au zaidi kama mara nne tu katika majaribio 100, na unaweza kuanza kuamini kwamba kuna kitu. Wanaisimu wana vipimo vyao rasmi vya jambo hili, lakini msingi ni huo. Namba ndogo haziamui ubishi, na wa kuukubali ukweli huo kwanza ni yule ambaye namba ndogo zinampendelea.

Sufuri nayo ina hesabu yake. Ukitafuta umbo fulani katika maneno milioni 25 na usilipate hata mara moja, haimaanishi halisemwi. Kanuni inayotumika na wataalamu wa takwimu ni kugawanya tatu kwa ukubwa wa ulichokitazama: unaweza kusema kwa uhakika wa asilimia 95 kwamba umbo hilo halizidi mara tatu katika milioni 25, yaani kama mara moja katika kila maneno milioni nane. Kwa swali la rafiki hilo ni jibu zuri. Kwa neno la uvuvi au la ususi, ambalo magazeti hayaligusi kabisa, halikuambii lolote.

Yote hayo yanachukulia kwamba kila mstari umetoka kwa mtu anayejiamulia mwenyewe, na mara nyingi si hivyo. Tuchukue mfano mwingine wa kubuni: "wangu" 10 dhidi ya "yangu" 90, lakini ukitazama maelezo ya matini unagundua "wangu" saba kati ya 10 ni za mwandishi mmoja wa makala za kila wiki. Hapo huna desturi ya watu, una mazoea ya mtu mmoja. Ndiyo maana mtafiti makini haulizi tu umbo limetokea mara ngapi. Anauliza limetawanyika kwa waandishi wangapi. Umbo lililotumika mara 30 na watu 30 lina uzito kuliko lililotumika mara 60 na watu wawili.

Katika magazeti tatizo hili ni kubwa zaidi, kwa sababu kati ya mwandishi na msomaji amekaa mhariri. Tazama "takriban" na "takribani", au "hususan" na "hususani". Upande mmoja husema neno limetoka Kiarabu na libaki lilivyo. Upande mwingine husema Kiswahili hupenda silabi imalizike kwa irabu, hivyo -ni ni ya haki kabisa. Ukihesabu katika magazeti unaweza kukuta umbo moja limejaa maelfu katika gazeti fulani na halipo kabisa katika jingine, na mara nyingi sababu ni kwamba meza ya wahariri iliketi siku moja ikaamua. Maelfu yote yale ni uamuzi wa kikao kimoja. Jambo la kutazama hapo ni miaka: umbo lilianza lini kuongezeka, na je, liliongezeka pia mahali ambapo hakuna mhariri, kama kwenye barua za wasomaji, hotuba na maandishi ya watu binafsi? Likipanda kote, lugha imesogea. Likipanda kwenye gazeti moja kwa mruko wa ghafla, aliyesogea ni mhariri.

Baada ya uangalifu wote huo, korpasi inatuambia nini juu ya rafiki? Jibu lake linanivutia zaidi kwa sababu halikusimama kwa rafiki. Rudia utafutaji uleule kwa nomino nyingine za watu zisizoanza na m- wala ki-. Mama, baba, kaka, dada, shangazi, shemeji, ndugu: zote huvuta "yangu", na wingi "zangu". Sasa jaribu daktari, rais, waziri, bosi, kocha, askari. Hizi huenda na "wangu" na "wetu": daktari wangu, bosi wangu, kocha wetu, rais wetu. Kwa umbo lao, nomino hizi ni kama zile za kwanza, hazina kiambishi cha mtu mwanzoni. Kinachozitenga ni uhusiano. Upande mmoja wamekaa watu wa damu, wa ndoa na wa moyo. Upande wa pili wamekaa watu wa kazi na cheo. Rafiki ameketi na ndugu, na msemaji wa Kiswahili amemweka huko bila kufundishwa na mtu.

Yule wa kwanza, aliyesema rafiki ni mtu na mtu huchukua "wangu", alikuwa na kanuni sahihi ya daktari na bosi. Mpinzani wake alikuwa na kanuni sahihi ya mama na ndugu. Hakuna aliyekuwa ameuliza mpaka kati ya kanuni hizo umepita wapi. Na mpaka wenyewe una watu wanaoishi juu yake. "Jirani yangu" na "jirani wangu" zote zimo katika maandishi ya watu wanaojua lugha. Ndivyo ilivyo kwa "adui" na kwa "binti". Jirani ni wa damu au ni wa mahali tu? Wasemaji hawajakubaliana, na hesabu inaonyesha kutokubaliana huko waziwazi. Mahali kama hapo mwalimu anayekata alama kwa kalamu nyekundu anaadhibu kitu ambacho lugha yenyewe haijakikataza.

Kuna jambo jingine ambalo kanuni za vitabuni hulipita haraka. Rafiki huchukua "yangu", lakini akimilikiwa kwa jina la mtu husema "rafiki wa Juma", na kitenzi chake ni cha mtu: rafiki yangu amefika. Mvutano huu upo ndani ya sentensi moja, na naamini ndio unaozalisha "marafiki wangu" tunayoiona ikichapishwa. Katika umoja, "rafiki yangu" ni msemo uliokwishashikana, mtu huutoa mdomoni mzima. Katika wingi, ma- imeshavuruga sura ya neno, vitenzi na vivumishi vyote vinavyofuata ni vya wa-, na "zangu" inabaki peke yake katikati yao. Anayetaka kujua kama "marafiki wangu" ni kosa la kupita au ni badiliko linaloingia, atazame uwiano wake na "marafiki zangu" mwaka kwa mwaka, kwa waandishi tofauti, katika nchi tofauti. Hilo ni swali linalojibika, na kulijibu kunafaa kuliko kulikemea.

Maneno "katika nchi tofauti" ndiyo yenye taabu. Korpasi ya Helsinki ni kubwa na imetengenezwa kwa uangalifu, lakini sehemu kubwa yake ni Kiswahili cha Tanzania, tena cha kuchapishwa, na cha magazeti. Mtu akiitumia kuamua ubishi wa mwalimu wa Kakamega na wa Tanga, ameshaamua kabla ya kuhesabu. Nenda Lubumbashi, utasikia "batoto yangu", ambapo "yangu" imeenea hata kwa watoto. Nairobi utasikia "mtoto yangu" mitaani kila siku. Kama tungekuwa na korpasi ya midomo ya watu wote wanaosema Kiswahili kuanzia Lamu hadi Katanga, huenda "yangu" ingeshinda mahali ambapo hakuna mhariri yeyote, wala mimi, angeikubali kwenye ukurasa. Hesabu haisemi Kiswahili sanifu ni cha nani. Hilo liliamuliwa kwa njia nyingine: mkutano wa Mombasa wa 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi, kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930, na upande wa Tanzania BAKITA likaundwa kwa sheria ya 1967. Ilikuwa ni kazi ya vikao. Ukishakubali kwamba usanifu ni desturi ya watu fulani katika maandishi ya aina fulani, hapo ndipo korpasi ina la kusema, na inasema kwa nguvu: hii ndiyo desturi yao kweli, au sivyo wanavyofanya hata kidogo, mnawasingizia.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Baraza, kamusi au mwalimu anapokataza umbo, aonyeshe kwamba waandishi wazuri wa Kiswahili sanifu kwa hakika hawalitumii, na aseme ametazama matini zipi. Akikuta theluthi moja ya waandishi wanaoheshimika wanalitumia, alirekodi kama umbo la pili, asiliite kosa. Akikuta wote wanalikwepa, basi alikataze bila woga, na namba ziwe shahidi wake. "Rafiki wangu" ni ya kundi hili la mwisho: katika Kiswahili sanifu kilichoandikwa ni umbo la pembeni sana, na mhariri anayelibadilisha kuwa "rafiki yangu" anafanya kazi yake. "Jirani wangu" amwache mwandishi nayo.

Ili maamuzi kama hayo yafanyike kwa haki kwa wasemaji wote, matini zaidi zinahitajika kuliko tulizonazo. Nchini Kenya, watafiti wa vyuo vikuu vya Maseno, Nairobi na Africa Nazarene walitangaza mwaka 2022 mkusanyiko uitwao Kencorpus, wenye maandishi na sauti za Kiswahili, Kidholuo na Kiluhya, maneno yapatayo milioni 5.6 kwa jumla. Ni mwanzo mzuri, hasa kwa kuwa una sauti, na saa moja ya sauti hula saa nyingi za kunakiliwa kabla haijahesabika. Lakini bado Kiswahili cha Kongo, cha Burundi, cha visiwani na cha mwambao wa kaskazini ni kidogo mno katika kinachoweza kutafutwa. Mwenye kabati la magazeti ya zamani, mwenye kanda za vipindi vya redio, mchapishaji mwenye mafaili ya vitabu vilivyokwisha sokoni, asiyatupe. Ayapeleke idara ya Kiswahili ya chuo kilicho karibu naye, na juu ya kila bunda aandike mwaka, mahali, na jina la aliyeandika au aliyesema.